Nusu kwa Mwalimu, Nusu kwa Darasa: Mafunzo Niliyopata kwa Methali

Nilifundisha Kiswahili sekondari kwa miaka mingi, sehemu kubwa katika shule ya bweni ya bara iliyopokea wanafunzi kutoka kila pembe ya nchi na wachache kutoka nchi jirani. Methali zimo kwenye muhtasari, chini ya semi, na kwa kawaida hupewa vipindi viwili vitatu: maana, mfano, matumizi, tuendelee na vitendawili. Nilipokaribia kustaafu nikawa mjumbe wa baraza la kata, na huko nikazikuta methali zilezile zikifanya kazi ambayo hatukuwahi kuiandika ubaoni. Haya ndiyo niliyoyapata kutoka pande hizo mbili. Sikuyapanga kwa uzito.

1. Methali hujibu hali iliyopo

Kila mwaka mwanafunzi mmoja huuliza swali lilelile akidhani amewabana wahenga. Haraka haraka haina baraka, sawa. Mbona tena chelewa chelewa utakuta mwana si wako? Mvumilivu hula mbivu. Mbona ngoja ngoja huumiza matumbo? Wahenga walikuwa hawasikilizani?

Jibu nililipata barazani. Ndugu wawili waligombania ukanda wa shamba ulioachwa na baba yao. Mkubwa alitaka wasubiri shangazi yao arudi safari, kwani ndiye aliyekuwapo mipaka ilipowekwa. Akasema, "Subira yavuta heri." Mdogo akajibu hapohapo kwamba chelewa chelewa utakuta mwana si wako. Hakuna mzee aliyesema kwamba mmoja wao amekosea. Mwenyekiti aliuliza mambo mawili tu: mvua zinatarajiwa lini, na nani atapanda kwenye ukanda ule shangazi asipokuwa amerudi. Yaani alitaka kujua kama kungoja kunadhuru au hakudhuru. Methali mbili zilikuwa zimeliweka swali mezani wazi kuliko maelezo marefu ya pande zote.

Mtafiti Mrusi Grigori Permyakov, aliyekusanya methali za mataifa mengi katika karne iliyopita, alizipanga kwa namna inayolingana na nilichokiona pale. Hakuzigawa kwa mada kama ndoa, mali au urafiki. Aliziona kuwa alama za hali. Kitu kikiwa hivi, huleta hivi; viwili vikiwa pamoja, kimoja hufuata kingine. Hali zenyewe zinapingana, kwa hiyo kila lugha yenye methali nyingi lazima iwe na zinazopingana. Kapu lenye upande mmoja tu lingemfaa mtu ambaye hukutana na shida ya aina moja maisha yake yote. Tangu hapo nilibadilisha swali la mtihani wangu. Badala ya "eleza maana ya methali hii" nikawa ninaeleza tukio kwa mistari minne na kumwuliza mwanafunzi angetumia ipi, na ipi ingemharibia.

2. Umbo ndilo linalobeba kumbukumbu

Kuna mchezo ambao kila mwalimu wa Kiswahili anaujua. Unaingia darasani na kusema, "Mtaka cha mvunguni…" na darasa zima linamalizia, "…sharti ainame." Unasema, "Usipoziba ufa…" nao wanajibu, "…utajenga ukuta." Watoto hawa ndio waliosahau kanuni ya fizikia waliyoandika asubuhi. Kwa muda mrefu nilidhani ni kwa sababu wamezisikia mara nyingi. Wamezisikia, kweli, lakini hata methali ngeni ukiisema mara mbili inakaa, na hapo ndipo nilipoanza kuzipasua kuona zimeundwaje.

Kwanza, nyingi zina vipande viwili vinavyotazamana. Hesabu silabi za "Haraka haraka / haina baraka": sita kwa sita, na mwisho wa vipande vyote ni "raka". "Mvumilivu / hula mbivu" haina mizani sawa, lakini "vu" hufunga pande zote mbili. Mtunzi wa shairi atakuambia huu ni ukwapi na utao. Wahenga waliutumia bila kuupa jina.

Pili, kuna kinachoachwa. Sarufi yetu inaruhusu kuondoa nomino na kubakiza upatanisho wake tu. "Mtaka cha mvunguni": cha nini? Kitu, lakini hakisemwi, "cha" inatosha. "Asiyesikia la mkuu": neno limeondoka, "la" limebaki kulinda nafasi yake. "Mvumilivu hula mbivu" haitaji tunda lolote; wa pwani atafikiria embe na wa Bukoba ndizi, na wote wako sahihi. Kwa hiyo ngeli, zile zilizowatesa wanafunzi wangu, ndizo zinazoifanya methali ya Kiswahili iwe fupi kiasi hiki, na pia ndizo zinazoacha nafasi ya msikilizaji kutia kitu chake.

Tatu ni kiambishi "hu". Huvunjika, hujaza, hula. Hakina nafsi wala hakina wakati. Ukisema "alivunjika guu" unasimulia habari ya mtu fulani. Ukisema "utavunjika guu" unamtisha aliye mbele yako. "Huvunjika guu" inamhusu yeyote, siku yoyote, na kwa hiyo aliye mbele yako anajipima mwenyewe.

Namna vitu hivi vinavyosaidia kukumbuka, niliielewa vizuri kupitia kazi ya mwanasaikolojia Mmarekani David Rubin, ambaye mwaka 1995 alichapisha kitabu kuhusu kumbukumbu katika fasihi simulizi. Hoja yake ni kwamba maana peke yake huelekeza kwenye maneno mengi, na sauti peke yake vilevile, lakini zikikutana hubaki maneno machache sana, mara nyingi moja. Ijaribu kwa methali yetu. "Asiyesikia la mkuu huvunjika…" nini? Kwa maana tu, inaweza kuwa mkono, shingo, moyo au mbavu. Kwa sauti tu, neno lolote linaloishia na "uu": juu, kuu, nafuu. Weka masharti yote mawili, kitu kinachovunjika na kinachoishia na "uu", na hakuna pa kwenda isipokuwa mguu. Na mguu wenyewe umekatwa kichwa ukawa "guu". Anayesahau nusu ya pili hahitaji kuikumbuka. Anaweza kuijenga upya palepale, na ataijenga vilevile ilivyokuwa. Ndiyo maana maneno ya methali hayabadiliki sana hata ikipita vinywa elfu, ilhali hadithi ikipita vinywa vitatu imekwisha pata majina mapya.

Nilikuwa nikiwapa wanafunzi zoezi la kuvunja methali kwa makusudi. "Mtu ambaye hasikilizi ushauri wa wakubwa huweza kupata madhara." Maana ni ileile. Wiki iliyofuata hakuna aliyeweza kuirudia sentensi hiyo neno kwa neno, hata aliyeiandika.

3. Picha hutoka kazini, na kazi ikifa picha hufifia

Niliwahi kuwaomba wanafunzi walete kutoka nyumbani methali za lugha zao kuhusu jambo moja: mtu mmoja peke yake hawezi. Sisi tulikuwa na "Kidole kimoja hakivunji chawa." Binti wa Kiganda akaja na meno: yaliyo pamoja ndiyo yanayotafuna nyama. Mnyarwanda akaja na nyumba, kwamba nguzo moja haiisimamishi. Mwalimu mwenzangu Mkikuyu akasema kwao kikundi kidogo ndicho hunyanyua kinu. Mimi nikaongeza ya Waethiopia niliyoisoma: nyuzi za buibui zikiungana humfunga simba. Ubao ulijaa chawa, nyama, nguzo, kinu na simba, na hali ilikuwa moja.

Ukiulizwa basi kwa nini methali ziko karibu kila mahali, sehemu ya jibu iko pale ubaoni. Hali ambazo watu wanaoishi pamoja huhitaji kuonyana juu yake si nyingi, na hujirudia: kushirikiana, kungoja, kukopa, wanyonge kuumia wakubwa wakigombana. Hii ya mwisho kwetu ni tembo na nyasi. Wakorea, watu wa bahari, wana nyangumi wanaopigana na kamba anayevunjika mgongo. Haba na haba kwetu hujaza kibaba, kwa Waturuki tone kwa tone huwa ziwa, kwa Wajapani vumbi likirundikana huwa mlima, na kwa Waethiopia yai hatimaye hutembea kwa miguu yake.

Kuna sababu ya pili ya kufanana, nayo ni kukopa. Methali husafiri na wafanyabiashara, dini na vitabu. Mholanzi Erasmo alichapisha mkusanyo wa misemo ya Kigiriki na Kilatini mwaka 1500 ukiwa na mia nane na kitu; alipofariki mwaka 1536 ilikuwa imezidi elfu nne, na mingi ikaenea katika lugha za Ulaya kupitia shule. Namna yangu ya kutofautisha ni hii: hali ikilingana na picha ikiwa tofauti, huenda kila watu walitunga yao. Picha ikilingana hadi kwenye undani, kama paka anayeondoka na panya wanaotawala, nashuku safari, hasa kama kilichotajwa si kitu cha mahali pale.

"Kila utamaduni," hata hivyo, ni neno la kulitumia kwa uangalifu. Watafiti waliokaa na Wasani wa kusini mwa Afrika, na wengine waliokaa na jamii nyingi za asili za Amerika, walikuta methali chache mno, ingawa hadithi zilikuwa tele. Hekima walikuwa nayo. Waliipitisha kwa njia nyingine.

Picha pia huzeeka. Mimi nimekulia Tanga, na "Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani" niliielewa kabla sijaenda shule. Tezi ni nyuma ya jahazi, omo ni mbele, na ngama ni kule chini ambako maji yanayovuja hukusanyika. Uzurure juu utakavyo, utarudi ngamani kufua maji. Kwa mwanafunzi wa Tabora maneno matatu makuu ya methali hii ni kelele tu. Anaikariri, anaandika "maana yake kila mtu hurudi kwao", anapata alama zake, na haitumii kamwe. Huo ndio mtihani wangu wa methali iliyokufa: inaelezwa darasani lakini hakuna anayemwambia mwenzake mezani.

4. Haina mwenyewe, ndiyo maana inathubutu

Kijana hawezi kumwambia baba yake mdogo, mbele ya watu, kwamba ni mvivu. Anaweza kusema, "Mchumia juani hulia kivulini," huku akitazama ukutani. Akikemewa, si yeye aliyesema; ni wahenga. Mkubwa naye anapata njia ya kujirekebisha bila kuonekana ameamrishwa na mtoto. Barazani niliona kwamba methali nyingi zilitoka chini kwenda juu au kati ya watu walio sawa wenye ugomvi. Aliye na madaraka hana haja nazo sana, yeye huagiza.

Wanawake wa pwani waliipa kazi hii nguo. Mfanyabiashara wa Mombasa, Kaderdina Hajee Essak, ambaye watu walimjua kwa jina la Abdulla, ndiye anayetajwa kuanza kuchapa majina ya Kiswahili kwenye kanga mwanzoni mwa karne ya 20. Jirani akipita mlangoni kwako amejifunga kanga yenye jina kali, utamshitaki kwa lipi? Amevaa nguo tu. Upande wa pili wa bara, Wawoyo wa Kabinda na Kongo ya chini walikuwa na mifuniko ya mbao iliyochongwa picha za methali. Mke mwenye lalamiko alifunika chakula cha mume kwa mfuniko unaohusika, akijua mume anakula na wenzake na wote watauona. Wanawake wa pande hizi mbili hawakuigana. Walikuwa na shida moja: jinsi ya kumwambia mtu jambo mbele ya mashahidi bila kutamka.

Kisa ninachokipenda kuliko vyote kinatoka kwa Waanang wa kusini-mashariki mwa Nigeria, na kiliandikwa na mwanaanthropolojia John Messenger mwaka 1959. Mtu aliyejulikana kwa wizi wa mara kwa mara alishitakiwa tena. Mshitaki akasema: mbwa anayechuma chikichi kwenye kishada hamwogopi nungunungu. Kishada cha mchikichi kina miiba mikali. Mbwa aliyezoea miiba hiyo hataogopa miiba ya nungunungu. Yaani aliyeiba jana hatashindwa leo. Ushahidi mpya haukuongezwa, lakini watu wakamgeukia mshitakiwa. Zamu yake ilipofika akajibu: kwale mmoja akiruka porini haachi njia. Kwale huenda kwa makundi na kundi huacha alama nyasini. Mmoja peke yake haachi. Alijifananisha na ndege huyo, mtu asiye na wa kumtetea, akiwaomba waamuzi waache hisia za umati na makosa yake ya zamani, wapime shitaka lililo mbele yao. Aliachiliwa.

Tazama alichokifanya. Mshitaki alikuwa ameibadilisha kesi kutoka "je, ameiba kitu hiki?" kwenda "huyu ni mtu wa namna gani?" Hoja ya kawaida ingemlazimu mshitakiwa ajitetee tabia, na tabia hakuwa nayo. Kwa picha moja akalirudisha swali mahali pake. Wakati mwingine nilikuwa nikiwasomea wajumbe wenzangu kisa hiki chai ikiwa inaletwa, nao walibishana kila mara kama waamuzi wale walifanya haki.

5. Kina kizuri si ushahidi

Mwaka 2000 wanasaikolojia wa Marekani Matthew McGlone na Jessica Tofighbakhsh waliwapa watu misemo isiyojulikana sana, mingine yenye vina, na mingine yenye maana ileile ila vina vimeondolewa. Walioisoma yenye vina waliiona kuwa ya kweli zaidi. Walipoambiwa mapema watenganishe utamu wa maneno na kinachodaiwa, tofauti ilitoweka.

Nilipoisoma habari hiyo nilifikiria "Asiyesikia la mkuu". Barazani husemwa na mkubwa aliyeishiwa hoja, na kwa sababu inafunga vizuri, watu huitikia kwa vichwa. Nikawa na desturi ya kuirudia kwa maneno makavu: "Unasema kila asiyemfuata mkubwa hudhurika. Katika jambo hili, mkubwa alishauri nini, na kilichotokea ni nini?" Mara nyingine ilisimama imara. Mara nyingine mkubwa mwenyewe ndiye aliyekuwa ameuza kiwanja cha watoto.

6. Kutunga ni rahisi, kukubaliwa ndio kazi

Kila mwaka nilikuwa nikimaliza mada kwa kuwaambia wanafunzi watunge zao. Nyingi zilikufa kabla ya kengele. Moja niliyodhani itadumu ilikuwa "Asomaye usiku wa mtihani hulala mezani." Ina vina, ina picha, wote walicheka. Lakini inasema jambo moja tu, usingizi wa mtihani. Huwezi kuitoa hapo na kuipeleka shambani au kwenye ndoa. Ilikuwa kanuni yenye vina.

Nyingine haikuwa na kina hata kimoja: "Simu bila chaji ni kioo." Aliyeitunga alikuwa na maana yake halisi, kwamba simu ikizima kinachobaki ni kujitazama uso. Siku mbili baadaye wenzake walimwambia hivyo kiranja aliyenyang'anywa kazi lakini bado alitembea na fimbo. Kisha ikasemwa juu ya maabara yetu, iliyokuwa na meza nzuri lakini haikuwa na kemikali. Wakati huo hakuna aliyekuwa akizungumzia simu tena.

Muhula uliofuata nilimsikia mpishi wa shule akiisema jikoni, kuhusu jiko la gesi lililoletwa bila mtungi. Nilimwuliza ameitoa wapi. Akasema ni ya zamani, hata bibi yake alikuwa akiisema.